Surua ya pili: hesabu ya mama na mtoto wa jirani

Nesi wa kliniki ya watoto, awe Mbagala, Manzese au Gongo la Mboto, hahitaji kufungua daftari ili akwambie jambo hili: watoto wanaoletwa kuchomwa surua wakiwa na miezi 9 ni wengi kuliko wanaorudishwa kuchomwa ya pili wakifika miezi 18. Chanjo ni ileile ya surua-rubela, na mara zote mbili ni bure. Mama aliyekuja mara ya kwanza anaijua njia, anamjua nesi, na kadi ya kliniki anayo nyumbani kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa. Hata hivyo wengine hawarudi.

Jibu la haraka ni kwamba wazazi ni wazembe, au hawajaelimishwa vya kutosha. Mimi jibu hilo siliamini sana. Ukikaa na mama huyo mkapiga hesabu yake, kwa pesa zake na kwa mtoto wake, utaona kwamba kutorudi kuna mantiki. Kinachokosekana kwenye hesabu hiyo ni mtoto wa jirani.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Surua huambukiza kuliko karibu kila ugonjwa tunaoujua. Mgonjwa huanza kuwaambukiza wenzake siku nne hivi kabla ya vipele kutoka, wakati bado anaonekana ana mafua na macho mekundu tu, na virusi vyake vinaweza kubaki hewani mpaka saa mbili baada ya yeye kuondoka chumbani. Fikiria chumba cha kusubiria daktari, darasa la chekechea, au daladala ya asubuhi iliyofunga madirisha kwa sababu ya mvua. Katika jamii ambayo hakuna aliye na kinga, mgonjwa mmoja huambukiza wastani wa watu 12 hadi 18. Tuchukue 15 ili hesabu iwe nyepesi.

Sasa chukua mtaa ambao kila mtoto amechomwa dozi ya kwanza, hakuna hata mmoja aliyeachwa. Dozi hiyo ikitolewa katika miezi 9 huwakinga takribani watoto 85 katika kila 100. Waliobaki si kwamba chanjo yao ilikuwa mbovu. Mara nyingi kinga waliyorithi kwa mama ilikuwa bado mwilini, ikaizuia chanjo kufanya kazi. Kwa hiyo 15 katika 100 bado wako wazi. Mgonjwa mmoja akiingia mtaani, badala ya kuambukiza 15 ataambukiza wawili na ushei. Hao wawili watazaa watano, watano watazaa kumi na moja. Mlipuko umepungua kasi, lakini bado unakua.

Dozi ya pili ikiwafikia wote, waliokingwa hupanda mpaka 97 hivi katika 100. Mgonjwa yuleyule sasa ataambukiza chini ya nusu ya mtu kwa wastani, maana yake ni kwamba mara nyingi hamwambukizi yeyote, na mnyororo unakatika. Mstari wa kuvuka ni pale ambapo kila mgonjwa anaambukiza mtu mmoja tu, na kwa surua mstari huo uko karibu na 93 katika 100. Ndiyo maana wataalamu hung'ang'ania asilimia 95 kwa dozi zote mbili. Dozi ya kwanza peke yake haivuki mstari hata ukimchanja kila mtoto wa Dar es Salaam.

Wanaofaidi mstari ukishavukwa ni pamoja na watoto ambao sindano haikuwafikia kabisa. Mtoto wa miezi sita hachanjwi surua katika ratiba ya kawaida, na ndiye ambaye surua inaweza kumuua. Yuko mwenye ugonjwa unaoshusha kinga. Yuko aliyechanjwa mara zote mbili na bado akaangukia katika wale watatu kati ya 100 ambao kinga haikushika. Hawa wote wanalindwa na kitu kimoja tu, kwamba waliowazunguka hawana ugonjwa wa kuwapa. Hiyo ndiyo kinga ya jamii.

Rubela, iliyounganishwa na surua katika sindano hiyohiyo hapa nchini tangu 2014, inalionyesha jambo hili waziwazi zaidi. Kwa mtoto wa kiume wa mwaka na nusu, rubela ni homa ndogo na vipele vya siku chache, na wazazi wengi wala hawajui kwamba ilipita. Kwa mjamzito aliye katika miezi mitatu ya mwanzo, ugonjwa huohuo unaweza kuharibu mimba, au mtoto akazaliwa kiziwi, na mtoto wa jicho au na kasoro ya moyo. Kwa upande wa rubela, mvulana yule anachomwa sindano karibu yote kwa faida ya mtoto wa mtu mwingine ambaye hajazaliwa bado.

Wachumi huiita hii faida ya nje: faida itokanayo na uamuzi wa mtu mmoja ikamwangukia mwingine ambaye hakuamua, hakulipa, na pengine hajui kwamba amefaidi. Mwingereza Arthur Pigou ndiye aliyeijengea hoja ya kiuchumi mnamo 1920. Alisema kwamba shughuli yenye faida ya namna hiyo, ikiachiwa kila mtu aamue kivyake, itafanyika pungufu kuliko jamii inavyohitaji, na kwamba dawa yake ni ruzuku ya kuziba pengo.

Pengo hilo likoje? Tumchukue mama mmoja wa kufikirika, tumwite Mama Zawadi, anayeuza vitafunwa na supu asubuhi pale Tandika. Tarakimu ni zangu za mfano, lakini mpangilio wake atautambua yeyote aliyewahi kupoteza siku kliniki. Nauli ya kwenda na kurudi, tuseme 1,200. Genge lisipofunguliwa asubuhi ile anapoteza faida ya 8,000, kwa sababu supu hailiwi saa saba mchana. Jumla 9,200. Upande wa pili wa mizani, anajua kwamba Zawadi ameshachomwa mara moja, na kwa makadirio tuliyoyaona uwezekano wa mtoto huyo kuwa tayari ana kinga ni 85 kwa 100. Dozi ya pili itamsaidia Zawadi mwenyewe katika hali 15 tu kati ya 100. Juu ya hapo, Mama Zawadi hajaona mtoto mwenye surua mtaani kwao kwa muda mrefu. Akijiuliza dozi hiyo ina thamani gani kwake, tuseme anapata 6,000.

Elfu sita kwa elfu tisa na mia mbili. Haendi, na kwa hesabu yake yuko sahihi.

Sasa weka safu iliyokosekana. Watoto wachanga wa nyumba jirani, mjamzito wa chumba cha tatu, darasa la chekechea ambalo Zawadi ataingia mwakani: jumla ya usalama wanaoupata Zawadi akikingwa, tuseme ni 15,000. Kwa mtaa mzima dozi ile ina thamani ya 21,000 na inagharimu 9,200. Ni biashara nzuri kupita kiasi, lakini haifanyiki, kwa sababu anayebeba gharama si anayevuna sehemu kubwa ya faida. Pengo la kuziba ili Mama Zawadi abadili uamuzi ni 3,200 tu. Ruzuku yoyote inayozidi hapo itamtoa nyumbani, na jamii ina sababu ya kulipa mpaka ile 15,000 ya faida inayowaangukia wengine.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini majirani wasichange wenyewe? Watu wa Dar tunajua kuchanga. Kamati ya harusi inaweza kukusanya mamilioni kwa ujumbe wa simu na aibu kidogo. Lakini mchango wa harusi una jina lako kwenye orodha, na yule unayemchangia leo atakuchangia kesho. Chanjo haina orodha ya namna hiyo. Mama wa mtoto mchanga ambaye angeugua Juni na hakuugua hatajua kamwe kwamba ni Zawadi aliyemwokoa. Na hata angejua, angengoja wengine walipe, kwa sababu kinga ya jamii haimbagui asiyechanga. Kila mmoja akidandia kwa mwenzake, mfuko unabaki mtupu. Ndiyo maana jukumu hili huangukia kwenye kodi.

Kuna kero nyingine ndani yake. Kadiri chanjo inavyofanikiwa, ndivyo ugonjwa unavyopotea machoni, na ndivyo mzazi anavyoiona haina haja. Bibi aliyezika watoto kwa surua hakuhitaji kuhimizwa. Mjukuu wake aliyelelewa wakati surua ni habari ya mbali anapima nauli kwanza. Hata ile 6,000 ya Mama Zawadi ingekuwa kubwa zaidi kama mtaa ungekuwa na wagonjwa. Mtu akisubiri mahitaji ya watu yaivushe jamii mstari, atasubiri mpaka mlipuko uwakumbushe.

Hapa utasema: lakini ruzuku ipo tayari, chanjo ni bure! Ni kweli, na si jambo dogo. Dozi ya surua-rubela kwa bei ya UNICEF haifiki dola moja, na Tanzania huchangia ununuzi wa chanjo zake pamoja na Gavi, ushirika wa kimataifa ulioanzishwa mwaka 2000 kwa fedha za nchi tajiri na wafadhili wengine. Nao si kwa huruma peke yake. Surua hupanda ndege, kwa hiyo mtoto aliyekingwa Temeke ni faida ya nje kwa mtoto wa Ulaya pia. Ila tazama tena hesabu ya Mama Zawadi. Bei ya chanjo haikuwemo kabisa. Nilipoandika 9,200, sindano tayari ilikuwa sifuri. Ruzuku yote iliyopo imekwenda kwenye kichupa, wakati gharama inayomzuia iko barabarani na gengeni.

Kichupa chenyewe kina mchango wake katika kumzuia. Chanjo hii kwa kawaida huja ya unga ndani ya kichupa cha dozi 10, na nesi huiyeyusha kwa maji yake maalumu. Ikishayeyushwa, lazima itumike ndani ya saa sita au kabla kipindi cha chanjo cha siku ile hakijaisha, kinachotangulia. Iliyobaki hutupwa, kwa sababu haina dawa ya kuzuia vijidudu na inaweza kuleta sumu mwilini. Akija mtoto mmoja na kichupa kikafunguliwa, dozi tisa ziko hatarini kutupwa. Nesi anayeulizwa na wakubwa wake juu ya upotevu anafanya kinachotarajiwa: anapanga siku maalumu ya surua, au anasubiri watoto wafike idadi fulani. Mama Zawadi akija Jumanne anaambiwa arudi Alhamisi. Gharama yake imeruka kutoka 9,200 hadi 18,400, ili kuokoa chanjo ya chini ya dola tisa ambayo pengine ingepata watoto wengine kabla ya mchana.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo pesa inapopotea bila kuonekana. Dozi iliyotupwa inaandikwa kwenye fomu na inauma. Mama aliyegeuzwa mlangoni haandikwi popote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na ukipiga hesabu ya faida ya nje utaona kwa nini: kutupa dozi kadhaa ni sehemu ya ruzuku.

Ushahidi mzuri juu ya ukubwa wa ruzuku unatoka mbali kidogo, vijiji vya Udaipur huko Rajasthan, India, katika utafiti wa Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao uliochapishwa 2010. Huko nako chanjo zilikuwa bure, lakini vituo vilikuwa na kawaida ya kukutwa vimefungwa. Katika vijiji vilivyoachwa kama vilivyo, watoto waliokamilisha chanjo zote walikuwa asilimia 6. Vijiji vingine vilipelekewa kambi ya chanjo ya kila mwezi isiyokosa kuja. Huko walifika asilimia 18. Kundi la tatu lilipata kambi hiyohiyo pamoja na kilo moja ya dengu kwa kila chanjo, na seti ya sahani za chuma mtoto akikamilisha. Walifika asilimia 39.

Wengi wakisikia habari ya dengu hukasirika: mzazi analipwaje ili amjali mwanawe? Lakini kwenye mfano wetu dengu hazilipii kumjali Zawadi. Zinalipia ile sehemu inayokwenda kwa majirani. Na kuna jambo lililowashangaza hata waliokuwa wakihesabu: gharama kwa kila mtoto aliyekamilisha ilikuwa takribani dola 28 penye dengu, na dola 56 pasipo na dengu. Nesi analipwa mshahara uleule awe amechanja watoto watano au ishirini. Dengu zilijaza foleni, na gharama kubwa ya siku nzima ikagawanywa kwa wengi.

Sisi wenyewe tuna kumbukumbu ya ruzuku isiyofika mwisho. Kuanzia 2004 mjamzito alipewa kliniki Hati Punguzo, akaipeleka dukani na kuongezea kiasi fulani apate chandarua chenye dawa. Chandarua nacho kina faida ya nje, kwa kuwa mbu aliyekufa chumbani kwako haendi kwa jirani. Mpango ule ulivifikisha vyandarua mahali pengi, lakini nyongeza ile ilikuwa ngumu zaidi kwa kaya zenye kipato cha chini, na baadaye serikali ikaongeza kampeni za kuvigawa bure. Kiasi kinachoonekana kidogo ofisini kinaweza kuwa ndicho chote kinachoamua.

Hoja hii isivutwe mpaka kila chenye faida kwa jamii kikatakiwa kuwa bure. Elimu inaonyesha mpaka wake. Mtoto anayejua kusoma anafaidisha wengine kwa njia nyingi: anasoma maelekezo ya dawa ya bibi yake, baadaye anasoma kadi ya kliniki ya mwanawe na kujua tarehe ya surua ya pili. Shule za msingi na sekondari zina hoja nzuri ya kulipiwa na wote, na kuanzia Januari 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne. Ukifika chuo kikuu, sehemu kubwa ya faida inaonekana kwenye mshahara wa mhitimu mwenyewe. Hapo mkopo unaingia akilini kuliko zawadi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, inafanya kazi kwa mantiki hiyo: jamii inatanguliza, aliyefaidi anarudisha. Watu hubishana kuhusu makato, na wana haki, lakini swali la msingi ni lilelile la Mama Zawadi: katika faida yote, fungu la nani ni kubwa?

Ruzuku pia ina hasara yake ya wazi. Dengu za Udaipur walipewa hata wale ambao wangekuja bila kitu. Kama mama tisa kati ya kumi wangerudi tu, kuwapa wote 3,200 ili kumleta wa kumi kunamfanya huyo wa kumi agharimu 32,000, zaidi ya mara mbili ya ile 15,000 ya majirani. Kwa hiyo kabla ya kutoa chochote inabidi kujua wanaokosekana wanakosekana wapi, na daftari la kliniki linaweza kusema.

Chukua zahanati mbili za mfano, kila moja ikiwa na watoto 200 wa kuchanjwa kwa mwaka, na kila moja ikiripoti surua ya pili kwa watoto 140. Kwenye ripoti ya wilaya zinafanana, asilimia 70. Ya kwanza ilichanja surua ya kwanza watoto 190. Kati ya hao 50 hawakurudi, zaidi ya robo. Hawa ni akina Mama Zawadi: wanaijua chanjo, wanaikubali, ila safari ya pili haijawalipa. Kwao kipindi cha Jumamosi mchana, meza ya chanjo karibu na soko na kichupa kinachofunguliwa bila kusubiri foleni vinaweza kutosha bila kumpa mtu shilingi mkononi. Ya pili ilichanja surua ya kwanza watoto 145 tu, na karibu wote walirudi. Hapo Jumamosi haitasaidia kitu. Watoto 55 hawajawahi kufika kabisa. Pengine ni wa wapangaji waliohamia juzi, au wanaokaa upande wa bonde ambako njia hukatika mvua zikinyesha, na pesa inafaa iende kwa mhudumu wa afya wa jamii anayepita nyumba kwa nyumba.

Jijini kuna mtego mmoja zaidi katika kusoma tarakimu hizi. Mama anaweza kuchanja dozi ya kwanza Temeke, akahamia Chanika, akachanja ya pili huko. Temeke ataonekana ametoroka, na Chanika itaonekana imechanja watoto wengi kuliko ilionao, mpaka asilimia ikapita 100. Wastani wa mkoa mzima utapendeza, huku uchochoro mmoja wenye watoto thelathini wasio na kinga ukiwa umejificha ndani yake, na surua husambaa kwa kufuata uchochoro. Ndiyo maana nesi anayeulizia kadi ya kila mtoto aliyeletwa kwa kikohozi au kupimwa uzito, akachungulia mstari wa miezi 18 na kuchanja palepale, anafanya kazi ambayo hakuna ruzuku ya fedha inayoifikia kwa bei yake: nauli ya siku ile imeshalipwa.